Kidonda cha Kansere Nyumbani: Kuondoa Harufu, Kutuliza Damu, Kulinda Heshima ya Mama



Mwaka uliopita, mwishoni mwa kiangazi, kiti kimoja kilianza kubaki kitupu katika likelemba yetu hapa Musumba. Kilikuwa kiti cha mama mmoja wa miaka hamsini na kitu, ambaye sote tulizoea kumwita Yaya, kwa sababu ndiye aliyekuwa mkubwa wetu. Pesa zake zilifika kila juma mkononi mwa mjukuu, hazikukosa hata mara moja, lakini yeye mwenyewe hakuonekana. Juma la tatu tulikwenda wanne kumtazama. Tulimkuta amehamia jiko la nje, analala juu ya mkeka kando ya magunia ya makala ya kupikia, na mlangoni ametundika kitenge. Alituzuia tusiingie. Alisema: "Wadogo zangu, bakieni hapo. Mimi ninanuka. Hata mimi mwenyewe chakula hakipiti nikisikia harufu yangu."

Yaya alikuwa na kansere ya ziwa. Ilianza kama uvimbe mdogo, mgumu, usiouma, na kwa kuwa haukuuma aliuficha karibu miaka miwili. Kisha ngozi ikawa nyekundu, ikapasuka, na nyama ikachomoza nje kama uyoga. Kidonda kilikuwa na upana wa kiganja cha mkono. Kilitoa maji, kilitoa damu, na kilitoa harufu. Watoto wake walikuwa wanamletea bukari mlangoni, wanaweka chini, wanaondoka. Hawakuwa watoto wabaya. Hawakujua la kufanya, na watu wa mtaa walikwisha kuwaambia kwamba harufu ile ni ya laana.

Sisi tunaoandika haya ni walimu na wamama wa kikundi, si waganga. Tuliyoyajua tulifundishwa na muuguzi mmoja mwanamke aliyekubali kuja nyumbani kwa Yaya, akatuonyesha kwa mikono yake, kisha akatuacha tufanye naye akitutazama. Tunayaandika kwa mpango, kwa sababu tangu hapo tumeulizwa na nyumba nyingine tatu, na tumeona kwamba kila mahali makosa ni yale yale.

Harufu inatoka wapi

Swali la kwanza tulilomwuliza muuguzi lilikuwa hili: mbona tunamwosha kila siku kwa sabuni na bado ananuka? Alitujibu kwamba harufu haitoki kwenye uchafu wa mtu, wala haitoki kwenye kansere yenyewe. Uvimbe wa kansere unakua upesi kuliko mishipa ya damu inayoulisha. Sehemu ya katikati inakosa damu, basi nyama yake inakufa. Ndani ya nyama ile iliyokufa, mahali ambapo hewa haifiki, wanaingia mikrobe wa aina inayopenda kuishi pasipo hewa. Mikrobe hao wanakula nyama iliyokufa, na hewa wanayoitoa ndiyo ile harufu. Ni kazi ile ile inayofanyika ndani ya nyama iliyosahauliwa chunguni.

Jibu hilo lilibadilisha mengi. Kama harufu ni ya mikrobe, basi sabuni ya kuogea haiwezi kuimaliza, kwa maana haiingii mahali walipo. Manukato nayo hayawezi. Watoto wa Yaya walikuwa wananyunyizia marashi chumbani, na matokeo yalikuwa harufu mbili zilizochanganyika, mbaya kuliko moja, hata Yaya akawa anatapika akisikia marashi yale. Lakini mikrobe wasiopenda hewa wana dawa yao. Dawa hiyo ipo karibu katika kila farmasi ya mtaa, bei yake ni ndogo, na wengi wetu tumekwisha kuimeza kwa ajili ya kuhara damu. Inaitwa metronidazoli, na kwenye boksi mara nyingi imeandikwa Flagyl.

Kabla ya dawa: kutoa kitambaa cha zamani

Muuguzi hakuanza na dawa. Alianza na pamba. Watoto walikuwa wanaweka pamba kavu juu ya kidonda na kuifunga kwa plasta. Pamba inanyonya maji ya kidonda, inakauka, inashikamana na nyama. Asubuhi wanapoivuta, nyama inachanika na damu inatoka. Kila asubuhi Yaya alikuwa analia, na kila asubuhi walidhani ni ugonjwa unaozidi. Sehemu kubwa ya damu ile ilitoka kwenye kitambaa chetu wenyewe.

Basi kanuni ya kwanza tuliyojifunza ni hii: usivute kitu kilichoshikamana. Kilowanishe mpaka kiachie chenyewe. Tuliandaa maji ya chumvi kwa namna hii: tunachemsha maji safi, yanatokota dakika kumi, tunayaacha yapoe sufuria ikiwa imefunikwa mpaka yawe vuguvugu. Katika nusu lita ya maji hayo tunatia kijiko kimoja kidogo cha chai cha chumvi, kilichosawazishwa, si cha kilima. Maji ya namna hiyo yanakaribia chumvi iliyo ndani ya mwili, ndiyo maana hayachomi. Tunatengeneza ya siku hiyo tu, yanayobaki tunamwaga.

Nusu saa kabla ya kuanza, Yaya alikuwa anameza dawa yake ya maumivu, ili ifanye kazi wakati tunapomgusa. Kisha tunamwagia kitambaa cha zamani maji yale ya chumvi kidogo kidogo na kungoja. Siku ya kwanza tulingoja karibu dakika ishirini. Kilipoachia, hakikutoka na tone la damu. Yaya alitazama beseni, akatutazama, akauliza: "Mumekwisha?"

Kuosha kidonda nako ni kwa kumwaga, si kwa kusugua. Tunachukua chupa ya plastiki iliyooshwa vizuri, tunatoboa kizibo matundu madogo, na tunamwaga maji yatiririke juu ya kidonda mpaka yaingie katika mikunjo yake. Nyama iliyokufa ambayo imelegea inatoka yenyewe na maji. Ile isiyotaka kutoka tunaiacha. Usiikate wala kuichokoa, maana chini yake kuna mishipa isiyo na nguvu. Usitie pia Javeli, wala pombe, wala dawa kali za kuua mikrobe, wala majivu, wala tumbaku, wala dawa za kienyeji zinazounguza. Vitu hivyo vinaua na nyama iliyo hai, kidonda kinapanuka, na maumivu yanazidi.

Mwenye kuosha anavaa glavu. Zikikosekana, mifuko miwili ya plastiki iliyo safi, iliyofungwa kwenye vifundo vya mikono, inatosha. Kansere haiambukizi, hilo mlijue na mliseme kwa sauti mbele ya mgonjwa. Glavu ni kwa ajili ya damu, kwa maana damu ya mtu yeyote inaweza kubeba magonjwa mengine, na kwa ajili ya kumlinda mgonjwa na uchafu wa mikono yetu.

Unga wa vidonge

Vidonge vya metronidazoli tulivyonunua vilikuwa vya miligramu 250. Tuliosha mikono, tukachukua vijiko viwili vikavu, tukaweka vidonge viwili kati yake na kuvisaga mpaka vikawa unga laini kama unga wa mhogo uliochekechwa. Ulaini huo una maana yake: chembe zikibaki kubwa zinakwaruza na kutoa damu, tena dawa haienei. Kama kidonge kina ganda la rangi juu, vipande vya ganda tunavitoa kwa vidole kabla ya kutumia unga.

Kidonda kikiwa kimeoshwa na bado kina unyevu, tunanyunyiza unga juu yake kwa wepesi, kama mtu anayetia chumvi samaki, mpaka uso wote uwe na weupe mwembamba. Mahali penye mashimo na mikunjo, ambapo hewa haifiki, ndipo tunahakikisha unga umefika, kwa sababu ndimo mikrobe wamo. Kwa kidonda cha upana wa kiganja, vidonge viwili vilitosha kwa kufunga mara moja. Tulifunga asubuhi na jioni, kwa hiyo vidonge vinne kwa siku.

Njia hii haikubuniwa mtaani. Kule Kampala, Hospice Africa Uganda, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Daktari Anne Merriman, wauguzi wanaotembelea wagonjwa wa kansere majumbani wanatumia vidonge hivi vilivyosagwa kwa vidonda vya namna hii. Katika nchi tajiri kuna mafuta maalumu yenye dawa hiyo hiyo ndani ya tyubu, lakini bei yake si ya mifuko yetu, na unga unafanya kazi ile ile.

Wakati mwingine, harufu ikiwa kali sana au mikrobe wakiwa ndani sana, daktari anaongeza vidonge vya kumeza kwa siku kadhaa. Hapo yeye ndiye anayeandika kiasi. Vile vya kumeza vinaweza kuleta kichefuchefu na ladha ya chuma mdomoni, na mwenye kuvimeza asionje lutuku wala pombe nyingine yoyote, maana anaweza kutapika na moyo kumwenda mbio.

Siku ya kwanza hatukuona tofauti. Siku ya pili mjukuu alisema harufu imepungua, tukadhani anatupendeza. Siku ya nne tuliingia jikoni mle na hatukusikia kitu mpaka tulipofungua kitambaa. Muuguzi alikuwa ametuambia tungoje kati ya siku mbili na juma moja. Kama juma zima lingepita bila nafuu, alisema, tumwite, kwa sababu huenda unga haufiki mahali unapotakiwa, au dawa tuliyouziwa si nzuri. Akatuonya pia tusiache dawa harufu inapokwisha. Nyama inaendelea kufa, na mikrobe watarudi. Baada ya majuma mawili tulipunguza hadi mara moja kwa siku, na ilitosha.

Kufunga kwa namna isiyoonekana

Kufunga kuna tabaka tatu, na kila moja ina kazi yake. Tabaka la kwanza linalogusa kidonda ni la kutoshikamana. Tulikata shuka la pamba lililochakaa, laini, tukachemsha vipande, tukavikausha na kuvipiga pasi, kisha tukapaka kila kipande vazelini nyembamba upande mmoja. Anayeweza kununua kompresi zilizotiwa vazelini anunue, lakini shuka la zamani linafanya kazi.

Tabaka la pili ni la kunyonya. Hapa muuguzi alitushangaza, maana alitoa kwenye mfuko wake kotekisi, zile zile za hedhi. Zimetengenezwa kunyonya na kushika bila kuvuja, upande wa nje una plastiki, na zinapatikana hata kwenye duka la mtaa. Kidonda kikitoa maji mengi, kipande cha pampasi ya mtoto kinafaa zaidi. Visiguse nyama yenyewe. Vinakaa juu ya kitambaa cha vazelini, upande wa kunyonya ukielekea kidonda.

Tabaka la tatu ni la kushika. Hatukutumia plasta tena, kwa kuwa ngozi iliyo kando ya kidonda ilikuwa nyembamba na ilibanduka pamoja na plasta. Tulishona mkanda mpana wa kitenge laini unaozunguka kifua na kufungwa kwa kamba ubavuni, mahali ambapo Yaya mwenyewe angefikia. Ngozi ile ya kandokando tuliipaka vazelini kila mara, kwa kuwa maji ya kidonda yanaiunguza kama vile mkojo unavyounguza ngozi ya mtoto mchanga.

Kisha ukaja umbo. Ziwa moja lilikuwa limevimba kwa vitambaa na jingine la kawaida, na Yaya alisema kwamba watu watatazama kifua kabla ya kutazama uso. Tukamshonea sidiria pana, upande mzima tukaujaza kitambaa laini mpaka pande zote zikalingana, na juu yake akavaa libaya pana la kitenge chenye maua meusi na mekundu. Akajitazama katika kioo muda mrefu.

Heshima iko pia katika namna ya kufanya. Yaya ndiye aliyechagua nani aone kidonda chake: binti yake wa pili na wawili kati yetu, basi. Mlango ulifungwa, na tulifunua sehemu ile tu, nyingine zote zikiwa chini ya kitenge. Tulizungumza naye habari za soko na za wajukuu, si za kidonda. Hatukuziba pua. Mwenye kuogopa harufu, siku zile za kwanza, alijipaka zeri kidogo ya mafua chini ya pua akiwa bado nyumbani kwake, si mbele ya mgonjwa. Mgonjwa anasoma uso wa anayemfunga kuliko anavyosikia maneno yake.

Chumbani tuliweka beseni pana la makala yasiyowashwa chini ya kitanda. Makala makavu yananyonya harufu iliyobaki hewani. Yanabadilishwa kila juma, na yale ya zamani yanakwenda kupikia. Lakini mbabula yenye moto isiingizwe chumbani kwa mgonjwa hata wakati wa baridi, maana moshi wake usioonekana unaua watu wakiwa usingizini.

Siku ya nane Yaya alirudi kulala ndani ya nyumba. Jumapili iliyofuata alikwenda kusali. Tulimfunga saa moja kabla ya kutoka, tukaweka kotekisi mbili badala ya moja, na katika mfuko wa mkononi tukatia kitambaa cha akiba. Alikaa katikati ya benchi, si mwishoni.

Damu

Mwezi wa tatu damu ikatoka usiku. Safari hii haikuwa kosa la kitambaa. Kansere yenyewe ilikuwa imekula mshipa. Tulikuwa tumeonywa, kwa hiyo kulikuwa na kikapu tayari chini ya kitanda. Ndani yake mlikuwa na taulo mbili nyekundu nzito, shuka moja la rangi ya kahawia, glavu, chupa ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa asubuhi, vipande vya kompresi, na vidonge vya asidi traneksamiki vya miligramu 500, ambavyo kwenye boksi vimeandikwa Exacyl.

Rangi ya taulo si ya urembo. Damu juu ya kitambaa cheupe inaonekana nyingi mno, na mgonjwa anapoiona moyo wake unakimbia na damu inazidi kusukumwa. Juu ya nyekundu au kahawia nzito haimtishi, wala haiwatishi watoto waliosimama mlangoni.

Binti alifanya kama alivyofundishwa. Alimketisha mama kwa kuegemea mito. Alikunja kompresi, akailowanisha kwa maji ya chumvi yaliyopoa, akanyunyiza juu yake unga wa kidonge kimoja cha traneksamiki, akaiweka pale pale damu ilipotoka na kukandamiza kwa kiganja kilichotulia. Mjukuu alishika simu na kuhesabu dakika kumi na tano. Kosa linalofanywa karibu na kila mtu ni kufunua kila baada ya dakika moja ili kutazama kama imekoma. Kila ukifunua unaondoa damu iliyoanza kuganda, na unaanza upya. Dakika kumi na tano zilipokwisha, damu ilikuwa imekoma. Hawakutoa kompresi ile. Waliifunga pale pale mpaka asubuhi, kisha wakailowanisha muda mrefu kabla ya kuitoa.

Kesho yake muuguzi alimtazama. Alimwuliza kama mguu mmoja umevimba na kuuma, kwa kuwa mwenye damu iliyoganda mguuni hapewi traneksamiki ya kumeza bila daktari. Hakuwa na dalili hiyo, basi akaandikiwa vidonge vya kumeza kwa siku chache. Akatueleza pia wakati wa kukimbia hospitali: damu inayoruka kwa mapigo, damu inayolowanisha taulo moja baada ya nyingine hata ukikandamiza, au mgonjwa anayekuwa baridi, anayetoka jasho na kuona kizunguzungu. Vilevile homa pamoja na wekundu wa moto unaoenea kwenye ngozi haingoji kesho, kwa maana huo ni uambukizo unaoingia mwilini.

Kuna jambo moja gumu aliloomba lizungumzwe mapema, Yaya akiwepo. Siku za mwisho mshipa mkubwa unaweza kupasuka, na hapo hakuna kitambaa kitakachozuia. Familia inapaswa kujua kabla: je, mama anataka kubebwa usiku katika gari, au anataka kubaki kwake, amefunikwa shuka la kahawia, na mtu amemshika mkono? Yaya alijibu mwenyewe. Alitaka kubaki.

Kufua vitambaa

Kotekisi na kompresi zilizotumika tunazifunga ndani ya mfuko na kuzichoma au kuzitupa ndani ya choo cha shimo, mbali na mbwa na watoto. Vitambaa vya kurudia vinalowekwa kwanza katika maji baridi yenye chumvi, kwa kuwa maji ya moto yanaifanya damu ishike. Baadaye vinafuliwa kwa sabuni, vinachemshwa dakika kumi na kuanikwa juani. Kisha vinapigwa pasi pande zote mbili. Hapa kwetu pasi si ya uzuri tu: kuna nzi anayetaga mayai katika nguo zenye unyevu zilizoanikwa nje, na mayai hayo yakigusa ngozi yanazaa funza chini yake. Moto wa pasi unayaua. Nzi wa kawaida nao wanatafuta kidonda kilicho wazi, kwa hiyo hata mchana mgonjwa anayelala apumzike chini ya chandarua.

Mambo haya yanafika wapi

Wamama, tusidanganyane. Hakuna hata moja katika haya linaloponya kansere. Kidonda cha Yaya hakikufunga, na hatukungoja kifunge. Kinachoweza kupunguza uvimbe wenyewe ni dawa za kansere, upasuaji au mashine ya mionzi, na mionzi michache inaweza pia kukausha kidonda kinachotoa damu. Kwetu njia ya kuifuata ni ndefu. Kutoka Kolwezi hadi Lubumbashi peke yake ni kama kilometa 300, na wengine wanavuka Kasumbalesa kwenda Lusaka, ambako Zambia ilifungua hospitali yake ya kansere mwaka 2007. Familia ya Yaya ilihesabu pesa za safari, pesa za kulala, pesa za matibabu, na mwenyewe akasema pesa hizo ziwe za shule. Ndiyo maana uvimbe mgumu usiouma katika ziwa, au ngozi inayovutwa ndani kama ganda la chungwa, upelekwe kwa daktari ungali mdogo. Kutouma kwake si dalili njema.

Na maumivu yanapozidi ile dawa ya kawaida, usikubali jibu kwamba kansere lazima iume. Uliza hospitalini kuhusu mofini. Haimgeuzi mgonjwa kuwa mlevi, wala haiharakishi kifo akipewa kwa kipimo chake. Yaya aliipata baada ya kuulizia mara tatu, na usiku ule alilala.

Alifariki wakati wa mvua, miezi mitano baada ya sisi kumkuta jikoni. Hakutoka damu nyingi. Alikuwa kitandani kwake, ndani ya nyumba, na mjukuu wake mdogo kuliko wote alikuwa amelala ubavuni mwake, upande usio na kidonda, kama alivyozoea kulala kila usiku tangu bibi aliporudi ndani. Binti yake ametuachia kile kikapu. Kipo kwa mweka hazina wetu, kimefuliwa, kimepigwa pasi, na mama mwenye mgonjwa nyumbani aje akichukue.